Ujumbe wa kadi iliyofungwa kwenye kamera

Ujumbe wa kadi iliyofungwa ni taarifa inayotokea kwenye kioo cha kamera ya dijiti pale kamera inapoiona kadi yake ya kumbukumbu kuwa imezuiwa kuandikwa. Picha zilizomo ndani ya kadi huweza kutazamwa kama kawaida, lakini kamera haikubali kuhifadhi picha mpya, kufuta za zamani wala kufomati kadi. Maneno ya ujumbe hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni. Kamera nyingi za Nikon huandika `Memory card is locked. Slide lock to "write" position.`, kamera za Canon EOS huandika `Card's write protect switch is set to lock`, na zile za Olympus huandika kwa kifupi `Write Protect`. Maana ni ileile.

Chanzo cha kawaida ni kitelezi kidogo cha plastiki kilichoko ubavuni mwa kadi ya SD, au ubavuni mwa adapta iliyobeba kadi ndogo ya microSD. Kitelezi kikisogezwa mahali pake, tatizo huisha. Lakini wapo watumiaji wanaokiona kitelezi kiko sawasawa na ujumbe bado unaendelea kutokea, nao hudhani kwamba kadi imekufa au imeingiwa na virusi. Mara nyingi sivyo. Ili kuelewa kwa nini, inafaa kujua kitelezi hicho hufanya nini hasa, na hasa kisichofanya.

## Kitelezi na mahali pake

Kadi ya SD ilibuniwa mwaka 1999 na kampuni tatu, yaani Panasonic (wakati huo Matsushita), SanDisk na Toshiba. Ina urefu wa milimita 32, upana wa milimita 24 na unene wa milimita 2.1. Ukubwa huo ulitosha kuweka kitelezi ambacho kidole kinaweza kukisogeza.

Kadi ikishikwa huku lebo ikimtazama mtu na kona iliyokatwa ikiwa juu upande wa kulia, kitelezi huwa upande wa kushoto, karibu na juu. Nyuma ya kadi, upande huohuo wa juu, kuna vibapa vya rangi ya dhahabu ambavyo kamera huvitumia kuwasiliana na kadi. Kitelezi kikisukumwa juu, kuelekea kwenye vibapa, kadi iko wazi na inaweza kuandikwa. Kikivutwa chini, mbali na vibapa, kadi imefungwa. Kadi nyingi zina neno `Lock` pembeni ya kitelezi pamoja na mshale unaoonyesha chini.

Mwendo wa kitelezi ni wa milimita chache tu, na kosa la kwanza linaloonekana mara kwa mara ni kukiacha katikati. Kwa jicho kinaonekana kimepanda, lakini hakijafika mwisho. Kwa hiyo kisukumwe kwa ukucha mpaka kisiendelee tena. Kabla ya kuitoa kadi kamera izimwe, na taa ndogo inayowaka wakati kamera inaandika iwe imezimika.

Wazo lenyewe si geni kwa waliotumia vifaa vya zamani. Kaseti ya kurekodia ilikuwa na vijipande viwili vya plastiki mgongoni. Mtu akivivunja, redio haikukubali kurekodi juu ya kaseti hiyo. Akitaka kurekodi tena, aliziba mashimo kwa karatasi au selotepu. Diski laini ya inchi 3.5 ya kompyuta nayo ilikuwa na kidirisha kidogo pembeni: kikifunguliwa diski hulindwa, kikizibwa huandikika. Kadi ya SD imerithi mtindo huohuo. Pengo lililo ubavuni mwake likiwa wazi, kadi huhesabiwa kuwa imefungwa. Pengo likizibwa na kitelezi, kadi huhesabiwa kuwa iko huru.

## Kamera inavyotambua kufuli

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Kitelezi hakijaunganishwa kwa waya wowote na chipu iliyo ndani ya kadi. Ni kipande cha plastiki kilichokaa kwenye mfereji wake, basi. Chipu inayohifadhi picha haijui kama kitelezi kiko juu au chini, wala haina njia ya kujua.

Anayejua ni kamera. Ndani ya tundu la kadi, upande ambao ubavu wenye kitelezi hupita, kuna bati jembamba lenye mnyumbuko. Kadi inapoingia, kitelezi kilichoko juu hulisukuma bati hilo pembeni na kubadilisha hali ya swichi ndogo ya umeme. Kama kitelezi kiko chini, bati hukutana na pengo, halisukumwi, na kamera hutafsiri hali hiyo kuwa kadi imefungwa. Kukataa kuandika ni uamuzi wa programu ya kamera, baada ya kupata habari kutoka kwenye tundu lake yenyewe. Kadi haijakataa kitu.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unapatikana kwenye CHDK, programu ya bure ambayo watu wa kujitolea waliitengeneza kwa ajili ya kamera ndogo za Canon PowerShot. Programu hiyo huwekwa kwenye kadi iliyotayarishwa, kisha kadi *hufungwa* kwa kitelezi chake. Kamera ikiwashwa na kuona kadi imefungwa, huipakia CHDK yenyewe, na baada ya hapo picha huendelea kuhifadhiwa kwenye kadi ileile iliyofungwa. Kama kitelezi kingekuwa kinaizuia chipu, jambo hilo lisingewezekana.

Kutokana na hayo kuna mahali patatu pa kutafuta kosa, na si pamoja: kitelezi cha kadi, kitelezi cha adapta (kama ipo), na bati lililo ndani ya tundu la kamera. Tena, ulinzi wa kitelezi una mpaka wake. Mtu anayepeleka kadi yake studio kusafishiwa picha hufanya vizuri kuifunga kwanza, ili kompyuta ya pale isifute kitu wala kuandika virusi. Lakini ulinzi huo hutegemea kisoma kadi cha kompyuta kuwa na swichi yake na kuiheshimu. Vipo visoma kadi vya bei nafuu ambavyo havijali kitelezi kabisa, na kwavyo kadi iliyofungwa huandikwa kama iliyo wazi.

## Adapta ya microSD

Kadi ya microSD, iliyoingizwa katika familia ya SD mwaka 2005, ina urefu wa milimita 15, upana wa milimita 11 na unene wa milimita 1 hivi. Haina kitelezi kwa sababu hakuna nafasi ya kukiweka. Hivyo basi, mtu akipata ujumbe wa kadi iliyofungwa huku anatumia microSD ndani ya adapta, kitelezi kinachohusika ni cha adapta. Kuigeuzageuza kadi ndogo kutafuta kufuli ni kupoteza muda.

Adapta yenyewe ni ganda la plastiki lenye umbo la kadi ya SD na nyaya fupi bapa ndani yake, zinazopeleka vibapa 8 vya microSD kwenye nafasi za vibapa 9 vya SD. Haina chipu. Haifanyi kazi yoyote ya kufikiri, na kwa sababu hiyo haiwezi kuharibika kwa namna ya ajabu. Huharibika kama kitu cha plastiki na bati kinavyoharibika. Kitelezi hulegea, ganda hupasuka kwenye maungio, na nyaya hupinda mahali zinapoigusa kadi ndogo.

Afrika Mashariki watu wengi hununua microSD kwanza kwa ajili ya simu, na adapta huja ndani ya pakiti hiyohiyo kama nyongeza. Adapta hukaa kwenye droo au mfukoni pamoja na funguo na sarafu miezi mingi mpaka siku kamera inapohitaji kadi. Ikifika siku hiyo, kitelezi chake huenda kimesogea au kimelegea, na hakuna aliyekitazama.

Adapta yenye nyaya zisizogusa vizuri huleta ujumbe wa aina nyingine: kamera husema hakuna kadi, au kadi haisomeki, au inataka kufomatiwa. Tofauti hiyo ni ya maana. Kama picha za zamani zinaonekana vizuri na kamera inalalamikia kufuli tu, mawasiliano kati ya kamera na chipu ni mazima, na kosa liko kwenye kitelezi au bati. Kama picha hazionekani kabisa, kitelezi siyo cha kulaumiwa.

## Kitelezi kilicholegea na kitelezi kilichopotea

Kitelezi kilicholegea ndicho kinachowachanganya watu kuliko vyote. Mtu anakitazama, kiko juu. Anaingiza kadi, ujumbe unatokea. Anaitoa, anakitazama tena, na pengine bado kiko juu.

Sababu yake ni mwelekeo wa kadi inapoingia. Kadi huingia kwa upande wa vibapa, na kitelezi husugua ubavu wa tundu na lile bati. Msuguano hukisukuma kitelezi nyuma, mbali na vibapa, yaani upande uleule wa kufunga. Kitelezi kigumu huvumilia, kilicholegea hukubali. Wakati wa kuchomoa, msuguano huenda kinyume na unaweza kukirudisha juu, na ndiyo maana mkononi kadi huonekana haina kosa. Dalili yake kubwa ni kigeugeu: ujumbe hutokea, hupotea kadi ikiingizwa upya, kisha hurudi siku nyingine bila sababu inayoonekana.

Jaribio ni jepesi. Kadi ishikwe kichwa chini na kutikiswa kidogo, au kitelezi kiguswe kwa ncha ya kidole bila kukikandamiza. Kitelezi kizima husogea kwa nguvu ya ukucha na hukaa pale kilipoachwa. Kikisogea kwa kutikiswa tu, kimelegea.

Kitelezi kilichopotea ni rahisi kukitambua, kwa kuwa ubavuni hubaki pengo tupu. Kamera huliona pengo hilo kama kadi iliyofungwa, na itaendelea hivyo daima. Habari njema kwa mwenye kadi ni kwamba picha zake hazijaguswa na zinaweza kunakiliwa kwenye kompyuta kama kawaida. Habari ya pili inahitaji uangalifu: kipande hicho kimekwenda wapi? Kama kimedondokea ndani ya tundu la kamera, kinaweza kuizuia kadi nyingine isiingie mpaka mwisho. Tundu limulikwe kwa tochi kabla ya kuingiza kitu kingine.

Mafundi na wapiga picha wengi hutumia dawa ileile ya kaseti. Kipande kimoja cha selotepu nyembamba, chenye upana wa milimita 5 hivi, hubandikwa ubavuni kikiziba pengo na kukunjwa kidogo pande zote mbili, bila kufika kwenye vibapa. Tabaka liwe moja. Selotepu ikikunjwa mara mbili au tatu, kadi hukwama kwa sababu tundu limepimwa kwa unene wa milimita 2.1. Dawa hii haifanyi kazi kwenye kila kamera, kwani bati lenye nguvu huibonyeza selotepu ndani ya pengo na kamera huendelea kusema kadi imefungwa. Tena gundi hulainika kwenye joto, na selotepu inaweza kubanduka na kubaki ndani ya tundu. Kwa hiyo ni ya kuvusha kazi ya siku moja. Kwa kadi ya SD kamili, baada ya kazi hiyo picha hunakiliwa na kadi huwekwa pembeni. Kwa adapta hakuna haja ya kubandika chochote. Kinachofaa ni adapta nyingine, ambayo bei yake ni ndogo sana kulinganisha na kadi.

## Mfano: kamera kabla ya mahafali

Namna ya kutenganisha sehemu hizi tatu inaonekana vizuri katika mfano wa mpiga picha anayejiandaa kwa mahafali ya kidato cha nne. Kamera yake ni Nikon yenye tundu moja la kadi. Kadi ni microSD ya gigabaiti 32 ndani ya adapta, na ndani yake zimo picha za harusi ya wiki iliyopita ambazo bado hajazikabidhi wala hajazinakili popote.

Jioni ya kuamkia mahafali anawasha kamera na kukutana na ujumbe `Memory card is locked`. Anatoa kadi, anakuta kitelezi kiko juu. Anakishusha, anakipandisha, anairudisha. Ujumbe umepotea, na anapiga picha tatu za majaribio. Usiku anaijaribu tena na ujumbe umerudi.

Kigeugeu hicho tayari kinaashiria kulegea, lakini bado hajui kama ni adapta au ni tundu la kamera. Jambo la kwanza analofanya si kutafuta kosa, bali kuziokoa picha za harusi. Anaichomoa microSD kwenye adapta na kuiweka moja kwa moja kwenye simu. Kama simu itauliza kuhusu kuitayarisha au kuifomati kadi, jibu ni hapana. Simu inaifungua, na anaifuata folda iitwayo `DCIM`, mahali ambapo kamera za dijiti huweka picha, kisha anainakili yote kwenye kumbukumbu ya simu. Anafungua picha kumi hivi kutoka mwanzo, katikati na mwisho kuhakikisha kwamba zimefika nzima.

Hatua hiyo imempa pia jibu la kwanza. Akiwa bado na kadi kwenye simu, anapiga picha moja na kuchagua ihifadhiwe kwenye kadi, na inahifadhiwa. Anaizima simu, anaiwasha, na picha ipo. Simu haina kitelezi wala bati la kukitafuta, kwa hiyo inazungumza na chipu moja kwa moja, na chipu imekubali kuandikwa. Kadi ni nzima.

Zimebaki adapta na kamera. Anaazima adapta ya jirani na kuiweka microSD yake ndani. Kamera inaipokea. Anaitoa na kuirudisha mara tano, kila mara akipiga picha mbili, na ujumbe hautokei. Kisha anafanya kinyume chake, hatua ambayo wengi huiruka: anaweka microSD ya jirani ndani ya adapta yake ya zamani. Mara ya kwanza inakubali, mara ya pili ujumbe unatokea. Kosa limeifuata adapta, na kadi zote mbili pamoja na kamera zimeondolewa lawama.

Kurudia mara tano si mzaha. Kosa la kigeugeu likijaribiwa mara moja tu linaweza kutoa jibu la uongo kwa upande wowote. Kama mpiga picha angeridhika na ile mara ya kwanza ambapo adapta ya zamani ilikubali, angekwenda nayo kwenye mahafali, na ujumbe ungemtokea mwanafunzi akiwa jukwaani anapokea cheti.

Akiwa hana adapta ya kuazima, angeweza kutumia kadi yoyote kamili ya SD yenye kitelezi kigumu. Kamera ikiikubali kila mara, tundu lake ni zima na lawama inabaki kwa adapta.

## Kosa likiwa ndani ya kamera

Kadi mbili au tatu tofauti, zenye vitelezi vizima, zikipata ujumbe uleule, basi tundu la kamera ndilo la kushukiwa. Bati la kutambua kufuli linaweza kuwa limepinda kwa sababu kadi iliingizwa kwa upande usio wake, au limeshikwa na vumbi, mchanga au kutu. Kamera zinazotumika pwani hupata chumvi ya hewa ya bahari, na zile za bara wakati wa kiangazi hupata vumbi laini linaloingia kila mlango wa kadi unapofunguliwa.

Kamera zenye matundu mawili zinahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ujumbe unaweza kuwa unahusu kadi moja tu. Kutoa kadi moja na kujaribu kila tundu peke yake huondoa utata huo.

Kitu ambacho mtumiaji anaweza kukifanya mwenyewe ni kidogo. Kamera ikiwa imezimwa na betri imetolewa, tundu hushikwa likitazama chini na kupulizwa kwa pampu ndogo ya mpira. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwani mate huingia pamoja na hewa na kuleta kutu. Baada ya hapo kadi nzima inaweza kuingizwa na kutolewa mara kadhaa, na uchafu mdogo juu ya bati unaweza kusuguliwa na kutoka. Sindano, pini na kibiriti havifai kabisa: vibapa vya ndani ni vyembamba, na kimoja kikipinda, kamera iliyokuwa inakataa kuandika tu itaanza kukataa hata kuiona kadi. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi. Kwa kawaida yeye hulibadilisha tundu lote la kadi badala ya kunyoosha bati lake.

## Kompyuta na amri zake

Ushauri unaosambaa sana ni kutumia programu ya `diskpart` ya Windows kuondoa ulinzi. Amri zenyewe zinafaa kujulikana, kwa sababu zinasaidia kutambua kosa hata kama hazilitibu. Namba ya diski, hapa 2, ni mfano tu na lazima ilinganishwe na ukubwa wa kadi kwenye orodha.

```
diskpart
list disk
select disk 2
attributes disk
```

Majibu yana mistari miwili inayohusika. Mstari `Read-only` ni ulinzi uliowekwa na Windows yenyewe, na unaweza kuondolewa kwa amri `attributes disk clear readonly`. Mstari `Current Read-only State` unaonyesha hali halisi ya sasa, pamoja na ile inayotoka kwenye kitelezi. Kama wa kwanza unasema `No` na wa pili `Yes`, Windows haina cha kuondoa. Kinachozuia kiko nje yake. Kurudia amri mara kumi hakutasogeza kipande cha plastiki.

Kwenye Linux habari kama hiyo hupatikana kwa amri moja:

```
lsblk -o NAME,SIZE,RO
```

Tarakimu 1 katika safu ya `RO` ina maana kwamba kadi inasomeka tu, na 0 ina maana inaandikika. Kadi ikionyesha 1 ndani ya adapta na 0 ndani ya adapta nyingine, jibu ni lilelile la mpiga picha wa mahafali.

Baadhi ya maelekezo huongeza amri `clean`. Amri hiyo haiondoi kufuli. Hufuta mpangilio wote wa kadi, na picha hazionekani tena bila programu za kuzitafuta. Aliyechagua diski isiyo sahihi hufuta kitu kingine kabisa. Mtu mwenye picha ambazo hajazinakili asiiguse.

## Kufuli zisizo za kitelezi

Alama ya ufunguo inayoonekana juu ya picha moja moja kwenye kamera ni jambo jingine. Hiyo ni kinga ya faili, iliyowekwa na mtumiaji kwa kitufe au menyu ili picha hiyo isifutwe kwa bahati mbaya. Haizuii kupiga picha mpya, na haileti ujumbe wa kadi iliyofungwa. Pia haiiokoi picha dhidi ya kufomati, ambako hufuta zenye ufunguo pamoja na zisizo nao.

Kiwango cha SD kinaruhusu pia kadi kufungwa kwa neno la siri lenye urefu wa hadi baiti 16, na baadhi ya simu za zamani zilikuwa na huduma hiyo. Kadi ya namna hiyo haisomeki kabisa mpaka neno la siri litolewe, kwa hiyo kamera haionyeshi hata picha za zamani. Hutambulika kwa hilo.

Mwisho ni kadi iliyochakaa. Chipu za kumbukumbu huweza kuandikwa idadi fulani ya mara, na baadhi ya kadi zikifika ukingoni huacha kupokea kitu kipya ili zilizomo zibaki zikisomeka. Hapa kitelezi ni kizima, adapta ni nzima, kamera ni nzima, na kwa kuwa swichi ya tundu inasema kadi iko wazi, mara nyingi ujumbe wa kufuli hautokei. Badala yake kamera hutoa kosa la kuandika. Au hutokea jambo la kushangaza zaidi: picha mpya zinaonekana kuhifadhiwa, na baada ya kadi kutolewa na kurudishwa zimetoweka, huku zile zilizofutwa zimerudi. Kadi inayofanya hivyo haina kitelezi cha kusogeza wala amri ya kuifungua. Picha zake hunakiliwa mara moja, kadi ingali inasomeka, kisha hununuliwa nyingine.